Chaja ya laptopu imekatikia shingoni: chanzo ni nini, inaungwaje, na ni wapi usithubutu kuunga

Shemeji yangu alikuja Jumapili na chaja ya laptopu, shingo imefungwa tepu nyeusi mpaka imevimba kama kidole kimeumwa na nyuki. Akaniambia, "Shem, hii siku hizi inataka kubembelezwa, nikiikunja kuelekea juu alafu niegemeze na kitabu inachaji, lakini nikisonga kidogo tu inaacha." Hiyo stori naisikianga karibu kila wiki, tofauti ni kitabu tu, wengine wanatumia kikombe, wengine wanakalia waya.

Nitatumia hiyo chaja yake kuelezea, juu chaja ya laptopu iko na waya mbili ambazo watu wanazichukulia ni kitu kimoja. Kuna ile nyembamba inatoka kwa lile tofali kuenda kwa laptopu, imebeba volti 19 au 20 hivi, na kuna ile inatoka kwa ukuta kuingia kwa tofali, hiyo imebeba volti 240 za stima. Zote mbili zinakatikia shingoni na kwa sababu ile ile moja, lakini ya kwanza unaweza kuunga ukijua unachofanya, ya pili hauungi. Na hata hiyo ya kwanza kuna mahali ikikatikia unaachana nayo.

Mbona kila siku ni shingoni?

Chukua kipande cha waya ya kufungia nyaya za fensi, ukunje huku na huku mahali pamoja. Mara ya kwanza inakubali, mara ya tano unasikia imekuwa ngumu, ya kumi imekatika. Shaba pia iko hivyo, ukiikunja inakuwa ngumu pale imekunjwa, na ikishakuwa ngumu haivumilii tena, inapasuka. Ndani ya waya ya chaja hakuna shaba moja nene, kuna nywele nyingi nyembamba zimesokotwa pamoja ndio waya iwe laini, na kila unywele unachoka kivyake.

Sasa angalia pale waya inaingia kwa pini. Pini ni plastiki ngumu, haikunjiki kabisa, waya ni laini. Ukivuta au ukikunja, mkunjo wote haugawanyiki kwa waya nzima, unaangukia pale pale plastiki inaishia, kasehemu kadogo ka milimita mbili tatu. Ndio maana unapata waya ya mita mbili iko sawa kila mahali isipokuwa hapo. Kale kampira kenye mistari mistari kanafuata baada ya pini si urembo, kazi yake ni kutoka kwa ugumu kwenda kwa ulaini pole pole, nene huku na nyembamba kule, ndio mkunjo usambae. Chaja zingine za bei ya chini huwa nako lakini ni kafupi, ama kametengenezwa na plastiki ngumu sawa na pini yenyewe, hapo hakuna kitu kanasaidia, kamesongesha tu mahali pa kukatikia sentimita moja nyuma.

Weka hiyo akilini, pale pagumu panapokutana na palaini ghafla ndipo panakatika, juu karibu kila ujanja mbaya wa kuunga waya unarudi kwa hilo.

Na ganda la nje halikuambii ukweli wote. Kuna ganda linalokauka na kupasuka mapema kwa sababu ya joto na umri huku shaba ndani bado iko poa, na kuna lile la mpira laini linaloshika mafuta ya mikono mpaka linanata na kufura. Alafu kuna ile mbaya kabisa, ganda liko safi kama jana lakini ndani nusu ya nywele zimeshakatika. Kwa hivyo usiangalie tu, sikiliza vile inafanya kazi.

Inachaji tu ukiikunja upande fulani

Hii ndio ya shem. Maana yake nywele zimekatika karibu zote na ncha zinagusana tu ukizisukuma pamoja. Lakini kabla ulaumu waya, hakikisha si tundu la laptopu limelegea, dalili zinafanana sana na nimeona mtu akinunua chaja mbili mfululizo na tatizo lilikuwa tundu.

Fanya hivi. Chomeka, alafu shika pini yenyewe kwa vidole viwili ukiwa umeibana isisonge hata kidogo, na kwa mkono ule mwingine kunja waya pole pole sentimita tatu nne kutoka kwa pini. Taa ya kuchaji ikiwaka na kuzima, ni waya. Sasa geuza, acha waya imelala imenyooka juu ya meza usiiguse, sukuma pini kidogo juu chini kwa tundu. Ikizima hapo, ni tundu, na hiyo ni kazi ya kufungua laptopu, si ya leo. Yake ilizima mara ya kwanza tu nilipoigusa waya, tundu lilikuwa limekaa imara.

Taa ya tofali inazima ukichomeka kwa laptopu

Hapa tofali likiwa pekee yake taa inawaka, ukichomeka pini ama ukikunja shingo taa inazima ama inaanza kupepesa, saa zingine unasikia tik tik tik ndani. Hiyo si kukatika, mara nyingi hiyo ni kushikana.

Ukitahiri hii waya utaelewa. Haina waya mbili zimelala sambamba kama ya redio. Katikati kuna waya moja yenye ganda lake, hiyo ni chanya, alafu nywele za hasi zimeizunguka yote kama soksi, ndio ganda la nje lije juu. Kwa hivyo hasi iko milimita moja kutoka kwa chanya pande zote, na unywele mmoja wa soksi ukikatika, ncha yake ni kali kama sindano, inatoboa lile ganda la ndani na kugusa chanya. Tofali likiona hivyo linajizima lenyewe, linajaribu tena, linajizima, ndio hiyo tik tik. Linajilinda, na linafanya vizuri, lakini usiliambie liendelee kujaribu usiku mzima. Chomoa. Hii haibembelezwi na kitabu, kila cheche inaunguza ganda kidogo na kesho kushikana kutakuwa rahisi zaidi.

Shingo inapata moto

Hii watu wanaipuuza juu bado inachaji. Tofali kupata joto ni kawaida, shingo ya waya kupata joto kuliko waya yenyewe si kawaida hata siku moja.

Chaja ya wati 65 inapitisha kama ampia 3.3. Nywele zikiwa zote, upinzani hapo shingoni ni kama haupo. Zikibaki chache na zingine zinagusana tu, sema upinzani umefika nusu omu, joto linalotoka hapo ni ampia mara ampia mara omu, yaani 3.3 × 3.3 × 0.5, unapata kama wati 5.4. Unaweza sema wati tano ni nini, lakini soldaringi ndogo ya fundi ni wati 30, hiyo ni karibu sehemu ya sita yake imefungiwa ndani ya kitu saizi ya haragwe, na juu umezungushia tepu ndio joto lisitoke. Plastiki inalainika, chanya na hasi zinasogeleana, na unajikuta kwa ile dalili ya pili.

Inakubali stima lakini haichaji betri

Chaja nyingi za Dell na HP ziko na kipini chembamba katikati ya tundu la pini. Hicho hakileti nguvu, kinaongea na laptopu kuiambia hii ni chaja ya wati ngapi. Waya yake ndio nyembamba kuliko zote, kwa hivyo mara nyingi ndio ya kwanza kukatika. Laptopu inawaka vizuri, lakini inakuandikia `Plugged in, not charging`, ama ukiiwasha inakuja na `The AC power adapter wattage and type cannot be determined`, na inakuwa slo kwa sababu imeamua kujibana. Watu wanabadilisha betri hapa, pesa inaenda, na shida ilikuwa unywele shingoni. Jaribu na chaja ya mtu mwingine ya aina hiyo hiyo kabla ununue chochote.

Mita inaweza kukudanganya

Wengi wakishuku chaja wanachukua ile mita ya manjano, wanapima pini, wanapata 19.5, wanasema chaja iko sawa. Enyewe volti zitakuwa sawa hata kama umebaki na unywele mmoja tu, juu mita haivuti karibu ampia yoyote. Ni kama kupima mfereji kwa kuangalia kama unatoa tone. Ukitaka kujua, pima ukiwa unakunja shingo pole pole, namba ikiruka, umeipata. Ikitulia, bado huwezi sema waya iko sawa, angalia na laptopu ikiwa imewashwa na betri iko chini, huko ndiko mzigo uko.

Mambo mawili madogo hapa. Kwa mita weka kwa 200 ya DC, si 20, juu chaja ya volti 20 ikizidi kidogo mita ikiwa kwa 20 itakuandikia 1 peke yake na utadhani imekufa. Na kwa zile za kipini katikati, chanya iko kwa ukuta wa ndani wa tundu, hasi ni nje. Usiruhusu ncha ya mita iguse kipini na ukuta wakati mmoja, unaweza kuua ile sehemu ya kuongea na chaja ibaki bubu.

Vile tuliunga ya shem

Yake ilikuwa imekatikia upande wa laptopu, sentimita moja kutoka kwa pini, haina kipini cha katikati. Huo ndio upande unaoungika. Nilimtuma aende Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, akanunue waya mpya iliyo na pini yake tayari imebandikwa kiwandani, usinunue pini tupu ya kusolda mwenyewe, shingo yake haitawahi kuwa na ule mpira wa kupungua pole pole. Aende na chaja ya zamani mkononi, pini zinafanana na hazitoshani, na aulize ya wati 65 ama zaidi, juu kuna waya za wati 40 zenye shaba kidogo zinauzwa kwa bei moja na hizo zingine.

Tofali lichomolewe kwa ukuta, subiri taa yake izime yenyewe. Alafu kata, na usikate karibu na pale pamevunjika. Nilikata sentimita kumi na tano hivi nyuma, kwa sababu mbili. Moja, karibu na jeraha shaba inakuwa imeshika weusi ama ukijani, solda haishiki hapo, unakata mpaka uone shaba inang'aa. Mbili, na hii ndio wengi wanakosea, solda inanyonywa na nywele za shaba na kuzifanya kitu kimoja kigumu, kwa hivyo umejitengenezea pagumu pengine kukutana na palaini. Kiungo kikiwa katikati ya waya pale hapakunjwi sana kitakaa, kikiwa shingoni kitakatika mwezi ujao pale solda inaishia.

Kabla ya kitu kingine chochote, pitisha kwanza ule mrija wa plastiki unaojibana ukiupasha moto, mafundi wanauita hitishrinki. Ule mkubwa wa nje upitishe kwa waya saa hii, usukume mbali, juu ukishasolda ndio ukumbuke hautapita, na utafungua kila kitu. Bado mimi hujisahau.

Toa ganda la nje kama sentimita tatu kila upande, fungua ile soksi ya hasi, isokote iwe mkia mmoja. Toa ganda la chanya kidogo. Sasa usifanye viungo viwili vikae mahali pamoja vikiangaliana. Kata moja fupi upande huu na nyingine fupi upande ule, ndio kiungo cha chanya kiwe sentimita moja na nusu mbali na cha hasi, hata joto lije lilainishe plastiki haziwezi kukutana. Sokota kwanza ndio usolde, solda si gundi ya kushikilia waya mbili zimelaliana. Angalia hakuna unywele umetoka nje ya kiungo kama sindano, huo ndio utatoboa. Kila kiungo na mrija wake mdogo, alafu ule mkubwa juu ya zote.

Kabla uchomeke kwa ukuta, weka mita kwa mlio, gusa chanya na hasi kwa pini. Inaweza kulia kidogo tu mwanzo alafu inyamaze, hiyo ni kapasita za ndani ya tofali zinajaza. Ikiendelea kulia, umeshikanisha, fungua. Ikinyamaza, chomeka kwa ukuta bila laptopu, pima volti, hakikisha hakuna alama ya kutoa mbele ya namba, juu ukigeuza chanya na hasi laptopu ndio italipa. Ndio sasa unachomeka laptopu, unaiacha ichaji dakika ishirini, unashika kiungo. Cha shem kilikuwa baridi kama waya nyingine.

Ujanja ambao haufanyi kazi

Tepu nyeusi inaficha, haishikilii. Kwa joto gundi yake inatoka na kuwa kama asali chafu, tepu inateleza. Supaglu ni mbaya zaidi, inafanya shingo iwe kama kijiti, na sasa waya itakatikia pale glu inaishia, unaona tumerudi pale pale. Springi ya kalamu ndio watu wanaipenda, na kwa waya mpya ambayo haijaumia inasaidia kidogo, lakini ikibana sana inakata ganda, na ukiiweka juu ya waya iliyopasuka umeweka chuma juu ya shaba wazi.

Kitu kinasaidia kwa waya ambayo bado haijaumia ni kuiga ule mpira wenyewe. Hitishrinki inayopungua mara tatu, ile ya milimita 12 inafika 4, inaweza kupita juu ya pini iliyonyooka. Weka kipande kifupi cha sentimita mbili kwanza, alafu juu yake kirefu cha sentimita nne, ndio kuwe na tabaka mbili karibu na pini na moja huko mbele, ugumu unapungua kwa hatua. Pini ikiwa imekunjwa kama L haitapita, hapo tumia tepu ya mpira isiyo na gundi, ile inajishika yenyewe ukiivuta, unazungusha nyingi karibu na pini na kidogo ukienda mbali.

Na zaidi ya yote, acha kuizungushia tofali kwa nguvu. Shingo ya upande wa tofali inakufa hapo, unaanza kuzungusha pale pale inatokea, umeikunja digrii 90 kila jioni alafu unaisukuma kwa begi na unaingia matatu ya watu wamebanana. Acha kwanza kitanzi kilegevu saizi ya kikombe kabla uanze kuzungusha, ama ukunje waya peke yake iwe duara kubwa na uifunge na Velkro. Ukitumia laptopu kitandani, pini iwe upande hauguswi na paja. Kuchomoa shika pini, najua hiyo umeambiwa.

Mahali hatuungi

Ikiwa imekatika pale waya inatoka kwa tofali, watu wanafungua tofali kwa kisu na nyundo. Ndani kuna kapasita kubwa inashikilia volti karibu 340, hizo ndizo 240 za ukuta zikishageuzwa, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa. Ukishapasua ganda la tofali halitawahi kufungika tena vile lilikuwa, na ganda hilo ndilo linakutenganisha na stima ya ukuta. Nunua chaja nyingine.

Ile waya ya ukuta kuingia kwa tofali, hata usifikirie solda. Inachomoka yote, iwe ile ya matundu mawili kama namba nane ama ya matatu kama jani, na bei yake ni ya kununua tu. Ukinunua, jaribu na kasumaku kadogo. Shaba haishikwi na sumaku, waya ikivutwa imetengenezwa na chuma iliyopakwa shaba, irudishe. Na uchomoe fyuzi ya plagi uone ni ya ampia 3, si 13, juu ile waya ni nyembamba.

Kwa pasi, birika na hita kuna kitu watu hawajui, na ndio kinaogopesha mimi. Pasi ya wati 2000 inavuta kama ampia 8. Rudia ile hesabu ya nusu omu, 8 × 8 × 0.5, hizo ni wati 32, soldaringi nzima iko ndani ya shingo ya waya unayoshika. Na fyuzi haitakatika, breka haitaruka, kwa sababu nywele zikikatika ampia hazipandi, zinashuka kidogo kama kuna kitu zinafanya. Fyuzi inaona ampia nyingi tu, haioni joto. Itaruka wakati moto tayari uko. Dalili ni plagi ikiwa na moto, ganda la waya likiwa kahawia, ama harufu kama ya samaki na hujapika samaki, hiyo ni plastiki ya plagi inaiva. Kama imekatikia karibu na plagi, na ni ile plagi ya kufungua na bisibisi, unaweza kata sehemu mbovu na ufunge upya, kahawia kwa fyuzi, bluu upande ule mwingine, kijani na manjano juu, hiyo ya mwisho uiache ndefu kidogo ndio waya ikivutwa iwe ya mwisho kutoka. Ile klempu ya ndani ishike ganda la nje, si nywele za rangi. Ikiwa imekatikia upande wa pasi, ni waya mpya nzima isiyoogopa joto, na hiyo peleka kwa fundi. Kiungo katikati ya waya ya 240, hata kimefungwa vizuri namna gani, hapana.

Nikisema hivyo nakumbukanga mashine za kinyozi. Ingia kinyozi yoyote mtaani uangalie shingo ya ile mashine, imekunjwa mara mia kwa siku, imefungwa tepu tabaka saba, na imebeba 240 ikipita nyuma ya sikio lako. Mimi nikiona tepu naulizia ya kuchaji.

Kebo za simu nitapita haraka. Ya USB ya kawaida ndani kuna nyekundu na nyeusi za nguvu, kijani na nyeupe za data, nyembamba kama uzi. Ikichaji lakini kompyuta haioni simu, ni uzi wa data umekatika. Ikichaji pole pole na neno la chaji ya haraka halitokei, nguvu inapotelea shingoni. Kuunga inawezekana kwa zile za volti 5 lakini muda wako una bei. Taipu C za wati 60 kwenda juu usiguse, zile zinaweza kupandisha mpaka volti 20 ama zaidi, na unywele mmoja ukigusa waya ya kuongea inaua simu ama laptopu.

Shem alirudi baada ya wiki tatu. Kiungo changu kilikuwa sawa, lakini sasa ilikuwa inakatikia upande wa tofali, juu bado alikuwa anaizungusha vile vile. Aliiweka mezani akasema, "Shem, si unaunga tu kama juzi?" Nikamwonyesha pale inatokea kwa tofali, nikamwambia hiyo sifungui. Tukashuka Luthuli tukanunua chaja nzima, na ile waya niliyokuwa nimeunga nikaikata nikabaki nayo, pini yake bado ni mpya.